Swali la ubia: kundi moja lina salio la faida 30,000, jingine lina hasara 30,000. Nani yuko sahihi?

MwanaLeja

Wakuu, habari za leo. Kuna swali la mtihani wa majaribio limetugawa katikati kwenye kundi letu la kusomea, na kila upande umeshikilia lake. Naliweka lote ili mtu asiseme nimeficha kitu.

"Amina, Bakari na Chausiku ni wabia wanaogawana faida na hasara kwa uwiano wa 3:2:1. Tarehe 1 Januari mitaji yao ilikuwa 600,000, 400,000 na 200,000. Tarehe 1 Julai Bakari aliongeza mtaji wa 100,000. Mkataba unasema mitaji italipiwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, na Chausiku atapata mshahara wa 8,000 kwa mwezi. Katika mwaka huo wabia walichukua kwa matumizi yao 120,000, 60,000 na 20,000. Kiasi cha Chausiku hakijumuishi mshahara. Riba ya fedha hizo imekokotolewa kuwa 6,000, 3,000 na 1,000. Amina aliikopesha biashara 200,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Mkopo ulikuwapo mwaka mzima na riba yake haijalipwa wala kuandikwa. Faida halisi ya mwaka ulioishia 31 Desemba ilionyeshwa kuwa 197,000, baada ya kutoa mishahara ambayo ndani yake mna 60,000 alizolipwa Chausiku taslimu kama sehemu ya mshahara wake. (a) Tayarisha akaunti ya mgawanyo wa faida. (b) Onyesha akaunti binafsi ya Chausiku, ikiwa haikuwa na salio mwanzoni mwa mwaka. (c) Eleza kwa tarakimu nini kingetokea kama faida iliyoonyeshwa ingekuwa 107,000."

Upande wangu tumeanza na 197,000, tukatoa riba ya mkopo 16,000, tukaongeza 10,000 za riba ya fedha walizochukua, tukapata 191,000. Riba ya mitaji 125,000 na mshahara 96,000 vinafika 221,000. Tumebaki na hasara ya 30,000. Wenzetu wana 30,000 ile ile lakini ni faida. Tarakimu moja, ishara mbili. Naomba mtuoneshe njia, si jibu peke yake.

Hesabu_Fupi

Wenzenu ndio wako sahihi, na njia yake ni fupi kabisa. Chausiku anastahili 96,000 kwa mwaka. Ameshalipwa 60,000. Amebakiza 36,000. Kwa hiyo kwenye mgawanyo mnaweka mshahara wa 36,000, si 96,000. Mkiweka 96,000 mnamlipa mara mbili.

191,000 ukitoa 125,000 ukitoa 36,000 ni 30,000. Amina 15,000, Bakari 10,000, Chausiku 5,000. Swali limekwisha.

MwanaLeja

Hiyo ndiyo njia waliyotumia hasa. Ila mmoja wetu alisema mwongozo wa usahihishaji unaonyesha mshahara wa 96,000 na bado salio ni 30,000 ya faida. Hapo ndipo tulipochanganyikiwa zaidi.

Kalamu_Nyekundu

MwanaLeja, nimesahihisha maswali ya namna hii kwa muda mrefu, na hili ni moja ya yale yanayotenganisha anayekariri mpangilio na anayejua faida ni nini. Twende taratibu.

Kabla ya kugawa chochote, lazima ujue unagawa nini. Swali limekupa 197,000 na limekuambia waziwazi kuwa mtunza vitabu amezichanganya 60,000 za Chausiku na mishahara ya wafanyakazi. Chausiku si mfanyakazi. Ni mwenye biashara. Anachopewa, hata kikiitwa mshahara, ni sehemu yake ya faida iliyotangulizwa mbele ya salio. Hakipunguzi faida, kinaigawa. Kwa hiyo hizo 60,000 zinarudi: 197,000 na 60,000 ni 257,000.

Riba ya mkopo wa Amina ni kinyume chake. Hapo Amina hasimami kama mbia, anasimama kama mtu yeyote aliyeikopesha biashara. Angekuwa ni benki, msingebishana kama 16,000 ni gharama. Kwa hiyo inatolewa kabla ya mgawanyo: 257,000 ukitoa 16,000 ni 241,000. Hiyo ndiyo faida halisi ya ubia huu, na ndiyo inayoingia kwenye mstari wa kwanza wa akaunti ya mgawanyo.

Sasa ndiyo mgawe:

```
Faida halisi iliyorekebishwa              241,000
Ongeza riba ya fedha walizochukua          10,000
                                          251,000
Toa riba ya mtaji:  Amina       60,000
                    Bakari      45,000
                    Chausiku    20,000    125,000
Toa mshahara:       Chausiku               96,000
Salio la kugawana                          30,000
     Amina 3/6                  15,000
     Bakari 2/6                 10,000
     Chausiku 1/6                5,000     30,000
```

Bakari ana 45,000 kwa sababu 400,000 zimekaa mwaka mzima na kuzaa 40,000, halafu 100,000 zimekaa miezi sita na kuzaa 5,000.

Upande wenu mlipata hasara kwa sababu 60,000 zimeikata faida mara mbili: mara ya kwanza ndani ya mishahara ya wafanyakazi, mara ya pili ndani ya 96,000.

Hesabu_Fupi

Kwa heshima zote mwalimu, jibu lako ni langu. 30,000, na mgawo uleule. Sasa kwa nini mwanafunzi apite njia ndefu wakati saa ya mtihani inakimbia?

Kalamu_Nyekundu

Salio ni lile lile kwa sababu umeacha vitu viwili vyenye ukubwa mmoja vinavyovutana pande mbili. Hukurudisha 60,000 kwenye faida, na hukuziweka 60,000 kwenye mshahara. Vimefutana. Mpaka hapo sina ugomvi na hesabu yako.

Ugomvi uko kwenye mistari miwili iliyo juu ya salio. Akaunti yako inawaambia wabia kuwa biashara imepata faida ya 181,000, wakati imepata 241,000. Na inawaambia kuwa mshahara wa Chausiku kwa mwaka ni 36,000, wakati mkataba unasema 96,000. Tuseme mwakani Chausiku asichukue taslimu hata senti moja na biashara ifanye vizuri vilevile. Kwa njia yako, faida itaonekana imepanda kwa 60,000 bila chochote kubadilika isipokuwa tarehe Chausiku alipochukua fedha zake. Hesabu inayobadilika kwa sababu hiyo haisemi kitu kuhusu biashara.

Kwenye karatasi ya mtihani, alama haziko kwenye 30,000 peke yake. Kuna alama ya kurudisha 60,000, alama ya riba ya mkopo kutolewa mahali pake, na alama ya mshahara wa 96,000. Msahihishaji anayekuta 36,000 hana pa kukupa alama ya mshahara.

Hesabu_Fupi

Hoja ya alama naikubali. Lakini bado nasema Chausiku hapaswi kuonekana amepata 96,000 wakati mkononi hana hizo. 60,000 zinaonekana wapi basi kwenye njia yako?

Kalamu_Nyekundu

Zinaonekana kwenye sehemu (b), na ndiyo sababu mtungaji ameiweka. Akaunti ya mgawanyo inasema Chausiku anastahili nini. Akaunti yake binafsi inasema anastahili nini na amekwisha kuchukua nini. Ukivichanganya viwili hivyo ndipo unapopata 36,000.

Upande wa krediti wa akaunti yake: riba ya mtaji 20,000, mshahara 96,000, sehemu ya salio 5,000. Jumla 121,000. Upande wa debiti: fedha za mshahara alizopokea 60,000, alizochukua kwa matumizi yake 20,000, na riba ya hizo 20,000 ambayo ni 1,000. Jumla 81,000. Biashara inamdai au anaidai? Anaidai 40,000, salio la krediti linaloshuka kwenda mwaka unaofuata.

Hapo ndipo inapohakikishwa kuwa halipwi mara mbili, Hesabu_Fupi. Debiti ya 60,000 inafanya kazi uliyotaka ifanywe na 36,000, bila kuiharibu akaunti ya mgawanyo.

TuliaKwanza

Samahani kuingilia, lakini naona wote mmepita juu ya kosa kubwa zaidi. Uwiano wa 3:2:1 umetoka kwenye mitaji: 600, 400, 200. Bakari alipoongeza 100,000 mwezi wa saba, mitaji imekuwa 600, 500, 200. Kwa hiyo nusu ya pili ya mwaka uwiano ni 6:5:2. Salio la 30,000 ligawanywe nusu kwa nusu: 15,000 kwa 3:2:1, na 15,000 kwa 6:5:2. Bakari anaonewa.

MwanaLeja

Duh. Hilo hatukuliwaza kabisa.

Kalamu_Nyekundu

Na msiliwaze, MwanaLeja. TuliaKwanza, rudi kwenye sentensi ya kwanza ya swali. Inasema wanagawana faida na hasara kwa 3:2:1. Haisemi "kwa uwiano wa mitaji yao". Ni makubaliano yanayosimama yenyewe, na hayasogei mpaka wabia wayasogeze. Mitaji ya mwanzo kulingana nayo ni mtego ambao mtungaji ameutega akijua kuna atakayeona 600, 400, 200 na kufurahi.

Bakari haonewi. Nyongeza yake imelipiwa kwa njia ambayo mkataba umeiweka, yaani riba.

Na kwa kuwa umeligusa, tazama jambo hili ambalo wanafunzi wengi hawalioni hata baada ya kulifanya swali mara nyingi. Riba ya mtaji haiongezi fedha kwenye biashara, inahamisha tu kutoka kwa mbia mmoja kwenda kwa mwingine. Katika swali hili, riba ya mitaji ya mwanzo ni 60,000, 40,000 na 20,000. Huo ni 3:2:1 kamili. Kama isingelipwa, hizo 120,000 zingebaki kwenye salio na kugawanywa 3:2:1, na kila mmoja angepata kiasi kilekile. Yaani riba ya 120,000 haijamsogeza mtu yeyote hata hatua moja. Kilichosogeza ni 5,000 za Bakari. Bila riba, zingegawanywa 2,500 kwa Amina, 1,667 kwa Bakari na 833 kwa Chausiku. Kwa riba, Bakari anazichukua zote. Faida yake kwa kuongeza mtaji ni 3,333, wenzake ndio wamezitoa.

Riba ya fedha walizochukua inafanya hivyohivyo kwa upande wa pili. Amina anatozwa 6,000, lakini kati ya zile 10,000 zilizoongezwa kwenye faida anarudishiwa nusu, 5,000. Kwa hiyo kuchukua kwingi kwake kumemgharimu 1,000 tu, iliyokwenda 333 kwa Bakari na 667 kwa Chausiku.

TuliaKwanza

Sawa, nimeiona sentensi. Nilikuwa nimeisoma kama mitaji ndiyo imezaa uwiano. Lakini hilo la 120,000 kutomsogeza mtu limenikaa. Basi kwa nini wameweka riba kwenye mkataba?

Kalamu_Nyekundu

Kwa ajili ya siku mitaji itakapoacha kulingana na uwiano, kama ilivyotokea tarehe 1 Julai. Siku ya kuandika mkataba haionekani kazi yake.

MbiaWaPili

Nisaidieni na mimi, maana nasoma uzi huu kama mtu anayesoma barua yake. Mimi na ndugu yangu tuna biashara ya pamoja. Yeye alitoa fedha nyingi kuliko mimi, mimi ndiye ninayekaa kazini kila siku. Hatukuandika mkataba. Mwisho wa mwaka nataka nijihesabie mshahara kama Chausiku, yeye anataka riba ya mtaji kama Bakari. Nani ana haki?

Debiti_Kushoto

Nitalijibu mimi, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoifanya kila siku kwa biashara za watu.

Ndugu yangu, kama hamjakubaliana lolote, mnakosa wote wawili. Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka 1890, kifungu cha 24, ambayo nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza zimeiga kwa maneno yanayofanana, inasema pasipo makubaliano wabia wanagawana faida sawasawa, hakuna mbia anayestahili malipo kwa kufanya kazi ya biashara, na hakuna riba ya mtaji kabla faida haijajulikana. Kitu pekee kinachozaa riba ni fedha ambazo mbia amezitoa zaidi ya mtaji aliokubali kutoa, yaani kama mkopo, na hapo ni asilimia 5 kwa mwaka. Tazama sheria ya nchi yako kwa sababu kiwango kinaweza kutofautiana, lakini mwelekeo ndio huo.

Maana yake, yeye aliyetoa fedha nyingi na wewe unayefanya kazi peke yako mnapata nusu kwa nusu.

MbiaWaPili

Lakini tuliwahi kukubaliana kwa mdomo kwamba nitakuwa nachukua kidogo kila mwezi. Na nimechukua, miaka yote, na hajawahi kulalamika.

Debiti_Kushoto

Hapo mambo yanabadilika, maana makubaliano si lazima yawe ya maandishi. Mwenendo wa wabia wa miaka unaweza kuonyesha walikubaliana nini. Swali linakuwa: ulichokuwa unachukua kilikuwa mshahara, au kilikuwa fedha za matumizi yako zinazokatwa kwenye sehemu yako ya faida? Kwa mkono wa mtu anayezipokea, vyote viwili ni noti zilezile. Vitabu vyenu viliandikaje?

MbiaWaPili

Vitabu naandika mimi. Niliandika "matumizi".

Debiti_Kushoto

Basi kaa na ndugu yako mapema, na mwandike. Neno ulilolitumia linaweza kusomwa dhidi yako, na linaweza pia lisisomwe hivyo. Hilo sitalimaliza hapa, linahitaji mtu anayeviona vitabu na kuwasikia wote wawili.

MwanaLeja

Asanteni wote. Turudi kwenye (c), maana bado hatujaigusa. Kwa njia ya mwalimu, 107,000 na 60,000 ni 167,000, toa 16,000 ni 151,000, ongeza 10,000 ni 161,000. Riba na mshahara bado ni 221,000. Pungufu 60,000. Hapo inakuwaje? Wanapata riba na mshahara wakati faida haitoshi?

Hesabu_Fupi

Haiwezekani. Huwezi kugawa usichonacho. Faida ni 161,000, basi inagawanywa 161,000 na hakuna zaidi. Riba na mshahara vipunguzwe mpaka vitoshe.

Kalamu_Nyekundu

Kwa swali hili, hapana. Mkataba umesema "wanaogawana faida na hasara". Riba ya mtaji na mshahara vimeahidiwa bila sharti la faida kutosha. Kwa hiyo vinaandikwa vyote, na pungufu ya 60,000 linagawanywa kama hasara kwa 3:2:1: Amina 30,000, Bakari 20,000, Chausiku 10,000. Hakuna fedha inayotoka popote ambayo haipo, kwa sababu hizi ni krediti na debiti kwenye akaunti zao.

Hakikisheni kwa jumla. Amina: 60,000 toa 30,000 toa 6,000 ni 24,000. Bakari: 45,000 toa 20,000 toa 3,000 ni 22,000. Chausiku: 20,000 na 96,000 toa 10,000 toa 1,000 ni 105,000. Jumlisheni: 151,000. Ni ile faida halisi iliyorekebishwa, haikuzidi wala haikupungua.

Kipimo hicho kifanyeni kila mara, hata kwenye (a): 69,000, 52,000 na 120,000 ni 241,000. Jumla ya walichopata wabia baada ya kutoa riba waliyotozwa lazima ilingane na mstari wa kwanza. Isipolingana, kuna kitu kimekosewa ndani ya mgawanyo. Ikilingana, bado haikuhakikishii kuwa mstari wa kwanza wenyewe ni sahihi, na hesabu yenu ya kwanza ni ushahidi: nayo ingelingana na 181,000.

Debiti_Kushoto

Hapa nitampinga mwalimu kidogo, au niseme nitamwekea mpaka. Hesabu_Fupi hakulitoa hewani hilo la kupunguza. Katika ufundishaji wa India, kwa mfano, riba ya mtaji inahesabiwa kuwa ni mgawo wa faida, hivyo kama faida haitoshi, inayopatikana inagawanywa kwa uwiano wa vile kila mmoja alivyostahili, na hakuna hasara inayoundwa. Isipokuwa mkataba useme riba ni gharama ya biashara. Desturi ya Uingereza ndiyo hiyo ya mwalimu. Anayesoma vitabu vya pande zote mbili atakutana na majibu mawili ya swali moja, na yote yamechapishwa kama jibu sahihi.

Na tofauti yake si ndogo. Chukueni zile 161,000. Amina anastahili 60,000, Bakari 45,000, Chausiku 116,000. Kwa kupunguza kwa uwiano, Amina anapata 43,710, Bakari 32,783 na Chausiku 84,507. Kwa njia ya mwalimu, kabla ya kutoa riba waliyotozwa, ni 30,000, 25,000 na 106,000. Chausiku anatofautiana kwa zaidi ya 21,000 kwa sababu tu ya njia iliyochaguliwa.

Sababu yake inaonekana ukitazama nani anabeba upungufu. Hasara ikigawanywa 3:2:1, nusu anabeba Amina. Kupunguza kwa uwiano kunamfanya anayestahili kingi, yaani Chausiku, abebe kingi.

MwanaLeja

Kwa hiyo kwenye mtihani niandike lipi?

Kalamu_Nyekundu

Andika linalofuata maneno ya swali. "Faida na hasara", na mshahara ulioahidiwa kwa kiasi cha kila mwezi bila sharti: toa vyote, gawa hasara. Ukiona maneno kama "italipwa kutokana na faida" au "iwapo faida itatosha", hapo njia ya Debiti_Kushoto ina msingi. Na kwa kuwa swali limesema "eleza", weka mstari mmoja wa sababu chini ya hesabu yako. Mstari huo una alama.

Alichosema kuhusu India ni kweli, na nashukuru amekileta. Mimi nasahihisha kwa desturi ya Uingereza, kwa hiyo ndiyo ninayoifundisha.

Hesabu_Fupi

Mimi bado naona mkataba wa wabia wengi, ukiwauliza wenyewe, walimaanisha mshahara utokane na faida. Hakuna anayeingia ubia akitegemea mwenzake amlipe mshahara kutoka mtaji wake.

Debiti_Kushoto

Ukimuuliza Amina atakujibu hivyo. Ukimuuliza Chausiku, aliyekuwa kazini mwaka mzima, atakujibu kinyume. Ndiyo maana inaandikwa.

TuliaKwanza

Nina swali moja la mwisho. Chausiku ametozwa riba ya 1,000 kwa zile 20,000 tu. Zile 60,000 za mshahara alizopokea hazitozwi riba? Nazo si fedha alizochukua kabla ya mwisho wa mwaka?

Kalamu_Nyekundu

Swali zuri. Mtungaji amesema riba imekwisha kukokotolewa, kwa hiyo kwa mtihani huu usiiguse.

Nje ya mtihani, inategemea alizichukua lini. Mshahara wake unaiva 8,000 kila mwisho wa mwezi. Kama alikuwa akichukua 5,000 kila mwezi, hajawahi kutangulia haki yake, na sioni sababu ya kumtoza. Kama alizichukua 60,000 zote mwezi wa Januari, kwa miezi mingi amekuwa akishika fedha ambazo bado hazijawa zake.

Debiti_Kushoto

Mimi singemtoza hata hapo, isipokuwa mkataba useme. Riba ya fedha zilizochukuliwa nayo ni ya makubaliano, na huyu alichukua kwa jina la mshahara.

Kalamu_Nyekundu

Jina la mshahara halibadilishi kuwa ni mbia aliyechukua mapema. Lakini nakubali wawili wenye ujuzi wanaweza kutofautiana hapa, na swali halikutupa tarehe.

MwanaLeja

Nimeipeleka kwa kundi. Wale wa 36,000 wamekubali kuandika 96,000 na kuweka debiti ya 60,000 kwenye akaunti binafsi, na sisi tumekubali kurudisha 60,000. Kwenye (c) bado wawili wanashikilia kupunguza kwa uwiano. Nimewaonyesha maneno "faida na hasara", mmoja ameguna. Kesho tunalifanya tena kwa mkopo wa Amina kuanza tarehe 1 Oktoba. Kwa haraka haraka naona riba yake itakuwa 4,000 badala ya 16,000, na salio litapanda hadi 42,000. Kama nimekosea mnirekebishe kabla hatujakutana.

Kalamu_Nyekundu

Ni sawa. 21,000, 14,000 na 7,000. Na mstari wa kwanza utakuwa 253,000, anzieni hapo.